Sura ya Likizo na Nidhamu Katika Kijitabu cha Mfanyakazi Mpya

(Haya ni maneno tuliyowaambia viongozi wa vikundi waliokutana Kitale, na tukayarudia Bungoma. Wengi waliomba yaandikwe ili wayasome na wenzao.)



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo moja tu. Siku hizi vikundi vyetu vingi vimekuwa waajiri. Kikundi kilianza na kuweka akiba, kikanunua mashine ya posho, au kikafungua kituo cha maziwa, au duka la mbegu na dawa za mifugo. Sasa kuna karani, kuna mtu wa mashine, kuna mlinzi wa usiku. Hawa si wanachama, ni wafanyakazi. Vikundi vingine vimeanza kuwapa kijitabu siku wanayoingia kazini, na hilo ni jema. Lakini tumesoma vijitabu kadhaa, vya upande wa Trans Nzoia na vya upande wa Bungoma, na karibu vyote vinaharibika mahali pamoja, yaani katika sura ya likizo na nidhamu.

Vinaharibika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kunakili maneno ya kampuni kubwa. Mtu ana ndugu yake anayefanya kazi kiwandani, analeta kitabu cha huko, kinapigwa chapa vilevile. Basi unakuta kituo cha maziwa chenye wafanyakazi watatu kinaandika ati maombi ya likizo yapelekwe kwa meneja wa rasilimali watu. Huyo meneja ni nani hapo Kiminini? Njia ya pili ni kunakili katiba ya kikundi. Katiba inasema mwanachama akichelewa mkutano atatozwa faini, na mtu anaona, kwani mfanyakazi naye ana tofauti gani? Ana tofauti kubwa sana, na tutafika hapo.

Tuanze na likizo ya mwaka. Tutaipitia polepole, kwa maana mkishaielewa hii mtajua namna ya kuandika zile nyingine.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi akimaliza miezi 12 mfululizo anapata likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili. Sasa tazameni namna kijitabu kimoja kilivyoandika: “Mfanyakazi atastahiki likizo ya mwaka ya siku ishirini na moja ambayo itatolewa kwa kadiri uongozi utakavyoona inafaa.” Sentensi hiyo ukiisoma mbiombio haina ubaya. Lakini mpe mlinzi, kisha umuulize maswali ambayo mlinzi mwenyewe angeuliza: Nimwombe nani? Nimwombe siku ngapi mbele? Jumapili zinahesabiwa? Nitalipwa nikiwa nyumbani? Naweza kuigawa? Hakuna hata swali moja linalojibiwa. Tena neno “za kazi” limedondoka, na kudondoka kwa neno hilo si jambo dogo.

Tuhesabu. Tuseme mtu wa mashine anafanya kazi Jumatatu mpaka Jumamosi, anapumzika Jumapili. Anaanza likizo Jumatatu tarehe 6 Julai. Ukihesabu siku 21 za kalenda, zinaisha Jumapili tarehe 26, na mwenyekiti anamtaka kazini Jumatatu tarehe 27. Lakini ukihesabu siku za kazi, wiki tatu za kwanza zinampa siku 18 tu. Zimebaki 3, yaani Jumatatu tarehe 27, Jumanne na Jumatano. Anarudi Alhamisi tarehe 30. Yule mwenyekiti amemnyima siku tatu bila kukusudia, na yule kijana akikaa nyumbani mpaka Alhamisi ataitwa mtoro. Kelele yote hiyo inatokana na maneno mawili yaliyosahaulika.

Sisi tungeiandika hivi:

“Ukimaliza miezi 12 kazini, unapata likizo ya siku 21 za kazi. Tutakulipa mshahara wako wote. Jumapili, au siku nyingine unayopumzika kila wiki, haihesabiwi. Sikukuu ya taifa haihesabiwi. Mwambie katibu mwezi mmoja kabla ya siku unayotaka kuanza. Katibu atakujibu kwa maandishi katika siku 7. Ukikubali, tunaweza kuigawa likizo yako. Lakini sehemu moja lazima iwe wiki mbili kamili bila kukatwa.”

Mmeona tumesema “wewe” na “sisi”. Wazee wengine walituambia lugha hiyo haina heshima, ati kitabu cha kazi kiseme “mfanyakazi” na “mwajiri”. Sisi hatukubaliani nao. Anayesoma ni yeye, na akikuta “wewe” anajua anaambiwa yeye. Ule mwezi mmoja na zile siku 7 za kujibu hazimo katika sheria. Hayo ni mapatano ya kikundi, mnaweza kuyabadilisha. Lakini siku 21 na mshahara kamili ni za sheria, na zile wiki mbili zisizokatwa nazo ni za sheria isipokuwa mmepatana vingine na mfanyakazi. Ile sehemu ya wiki mbili ichukuliwe ndani ya mwaka wake, na kilichobaki kichukuliwe kabla miezi 18 haijapita baada ya mwaka huo kuisha. Katika karatasi yenu ya kazi, kabla ya kuchapa, pigeni mstari chini ya kila neno la sheria. Penye mstari hamwezi kupunguza. Pasipo na mstari mnaweza kupatana.

Na vipi yule anayeondoka kabla ya mwaka? Hapa vijitabu vingi vinanyamaza, na ndipo ugomvi unapozuka. Sheria inasema kazi ikiisha baada ya miezi miwili au zaidi, mtu anahesabiwa likizo ya siku 1.75 kwa kila mwezi kamili aliofanya. Karani amefanya miezi 7, basi ana siku 12.25. Ikiwa mshahara wake ni shilingi 15,600 na mnahesabu siku 26 kwa mwezi, siku moja ni shilingi 600, na likizo yake ni shilingi 7,350. Wekeni hesabu hiyo ndani ya kijitabu, hivyohivyo na tarakimu zake. Mfano mmoja wenye hesabu unaeleweka kuliko aya tatu za maelezo.

Likizo ya ugonjwa iandikwe kwa mtindo uleule. Mtu akishafanya miezi miwili mfululizo, katika kila miezi 12 sheria inampa siku zisizopungua 7 za mshahara kamili, na zikiisha, siku 7 za nusu mshahara. Inatakiwa alete cheti cha daktari au cha msimamizi wa zahanati. Kwa hiyo karani yule akiugua malaria akakosa siku 10, siku 7 ni shilingi 4,200, na siku 3 za nusu ni shilingi 900. Analipwa shilingi 5,100 kwa siku hizo, akiwa na cheti. Lakini angalieni neno “zisizopungua”. Maana yake ni kwamba hiyo ni sakafu. Ziko kazi zenye amri zake za mishahara ambazo zinatoa siku nyingi zaidi za ugonjwa. Kabla ya kuchapa, katibu aende ofisi ya kazi ya kaunti na karatasi mkononi, aulize: “Kazi yetu ni hii, je, iko chini ya amri gani?” Ni safari ya asubuhi moja tu.

Likizo ya uzazi hatutakaa nayo sana, ila semeni wazi. Mama anapata miezi mitatu kwa mshahara kamili, na hiyo haimli zile siku zake 21 za mwaka. Baba anapata wiki mbili kwa mshahara kamili. Mama atoe taarifa ya maandishi siku 7 kabla, au mapema kidogo kuliko hapo ikiwezekana, ili mtafute wa kushika nafasi. Kikundi kidogo kinaumia kulipa watu wawili kwa miezi mitatu, tunajua. Basi anzeni kuweka akiba kwa jambo hilo siku mnapomwandika kazi, si siku tumbo linapoonekana.

Sasa tuje kwa mambo ambayo kitabu cha kiwandani hakiwezi kuwaambia. La kwanza ni matanga. Sheria haijatoa likizo ya pekee kwa ajili ya mazishi. Lakini hapa kwetu nani atakaa kazini mzazi wake akizikwa? Mkinyamaza, mfanyakazi ataenda tu, na mtabaki mkibishana kama alitoroka. Amueni ninyi. Kikundi kimoja karibu na Chwele kiliandika hivi: siku 4 zenye mshahara kwa mzazi, mke, mume, mtoto au ndugu wa tumbo moja, na mazishi mengine siku moja, inayokatwa katika likizo ya mwaka. Sisi tunapenda namna walivyotaja jamaa mmoja mmoja. Wangeandika “jamaa wa karibu”, kila mtu wa kijiji angekuwa wa karibu.

La pili ni kwa ninyi wa Bungoma hasa. Mwezi wa Agosti, katika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kuna tohara. Mjomba anahitajika, baba anahitajika, hata wa kupika busaa anahitajika. Wafanyakazi wawili wakiomba ruhusa wiki moja, kituo cha maziwa kinafungwa, na maziwa hayangoji mtu. Andikeni kwamba anayetaka siku za Agosti ya mwaka wa tohara aombe kabla ya mwisho wa Mei, na kwamba wasitoke wawili kwa pamoja. Kitale nako kuna mahindi. Duka la mbegu haliwezi kumwachilia karani Machi na Aprili, wakati watu wanapanda. Semeni hivyo ndani ya kijitabu, na mtaje miezi. “Wakati wa shughuli nyingi” haimsaidii mtu kupanga safari ya kwao.

Tufike kwenye nidhamu.

Kwanza maneno. Kuna neno moja ambalo tunawaomba mliondoe kabisa, nalo ni “kusimamishwa kazi”. Tuliuliza watu wanane katika chumba kimoja maana yake ni nini. Watano walisema ni kukaa nyumbani kidogo huku kesi ikichunguzwa. Watatu walisema ni kufutwa. Sasa fikirieni barua inayosema “umesimamishwa kazi kuanzia leo”. Mmoja atangoja kuitwa, mwingine atakwenda kudai malipo yake. Andikeni “kaa nyumbani mpaka tukuite, mshahara wako unaendelea”, au andikeni “kazi yako imekwisha”. Hayo hayana maana mbili. Vilevile neno “ruhusa” na neno “likizo” msiyachanganye. Likizo ni haki yenye hesabu ya siku. Ruhusa ni ya saa chache au siku moja, kwenda hospitali au shuleni kwa mtoto, na anayeitoa atajwe.

Pili, faini. Hapa ndipo katiba ya kikundi inapoingia mahali pasipo pake. Mwanachama amekubaliana na wenzake kwamba akichelewa atatoa shilingi 50. Hiyo ni ya wanachama. Mshahara wa mfanyakazi una ulinzi wake. Sheria imetaja ni makato gani yanaruhusiwa, na faini ya kuchelewa haimo. Mtu asipokuja siku nzima bila ruhusa wala sababu ya halali, mnaweza kukata, lakini isizidi mshahara wa siku ile. Karani wa shilingi 600 kwa siku hakatwi 1,000 ili awe funzo. Akichelewa, dawa yake ni onyo.

Hebu tuchukue kesi moja inayotokea mara kwa mara. Kituo cha maziwa kimepokea lita 180 asubuhi. Gari la kiwanda likipima, zinatoka lita 172. Zimepungua 8. Wanachama wanakasirika, wanasema akatwe, imeandikwa kitabuni kwamba hasara yoyote itatoka kwa mshahara. Hapana. Mali ya mwajiri ikiharibika au ikipotea, sheria inaruhusu kukata kiasi cha haki pale mfanyakazi alipofanya kwa kusudi. Kopo likiteleza mikononi likamwagika, hilo si kusudi. Upungufu wa pesa taslimu una kanuni yake: unaweza kukatwa ikiwa mkataba umesema wazi kwamba huyu ndiye wa kupokea, kutunza na kulipa pesa, na upungufu umetokana na uzembe au udanganyifu wake. Maziwa si pesa taslimu. Kwa hiyo sentensi ya “hasara yoyote” ifutwe. Badala yake andikeni kazi yenyewe: “Pima maziwa ya kila mtu kwa mizani, andika papo hapo katika rejista, na gari likipima, wewe na dereva mtie sahihi. Zikipungua, mwambie mweka hazina siku hiyohiyo.” Mkiandika hivyo, lita 8 zikipotea mtajua zilipotelea wapi. Labda mizani ndiyo mbovu. Labda mtu anaonja.

Tatu, makosa makubwa. Yako ambayo sheria inayahesabu kuwa mazito hata mtu anaweza kufukuzwa bila notisi: kutokuwepo kazini bila ruhusa wala sababu ya halali, kulewa saa za kazi hata asiweze kazi yake, kuzembea kazi kwa kusudi, matusi kwa mwajiri au msimamizi, kukataa agizo halali, wizi au kushukiwa wizi kwa sababu za haki. Lakini msiongeze chumvi. Kikundi kimoja kiliandika “mfanyakazi asinywe pombe”. Hata Jumapili nyumbani kwake? Nia yao ilikuwa njema, lakini hawataweza kuisimamia, na siku wakijaribu watashindwa. Andikeni linalowahusu: “Usije kazini umelewa. Usinywe pombe saa za kazi.” Na kwa kutokuja kazini, andikeni njia ya kutoa habari: “Ukishindwa kuja, piga simu au tuma ujumbe kwa katibu kabla ya saa 2 asubuhi.” Namba ya katibu iwe kwenye jalada la kijitabu.

Nne, na hapa ndipo penye hatari kwa kikundi. Hata kosa liwe zito namna gani, kabla ya kumwondoa mtu kwa ajili ya kosa, sheria inataka aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake aliyemchagua, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na wote wawili wasikilizwe. Tunajua inavyokwenda vijijini. Mkutano wa Alhamisi, watu 25, kila mtu anapiga kelele, kabla ya saa sita mtu ameshapokonywa ufunguo. Hilo silo kusikilizwa. Kikundi kikipelekwa mahakama ya kazi kikashindwa, kinaweza kuamriwa kulipa mpaka mishahara ya miezi 12. Kwa karani wetu wa shilingi 15,600 hiyo ni shilingi 187,200. Mashine ya posho inaweza kwenda na pesa hizo.

Basi sura yenu iseme: “Tukiona umekosa, tutakuandikia barua kueleza kosa na siku ya kukutana. Utakutana na watu watatu wa kamati. Unaweza kuja na mfanyakazi mwenzako unayemtaka. Tutakusikiliza kabla ya kuamua. Uamuzi utapewa kwa maandishi.” Wale watatu ni pendekezo letu tu, kwa sababu watatu wanaweza kusikiliza na 25 hawawezi. Kama mna mfanyakazi mmoja peke yake, hana mwenzake wa kumchagua, mruhusuni aje na mtu anayemwamini. Na yule mwanachama aliyeleta mashtaka asikae kati ya wale watatu.

Mkishaandika, msikimbilie kupiga chapa. Mpeni mtu asiyekuwemo wakati wa kuandika, afadhali mlinzi au kibarua, aisome au asomewe. Halafu msimuulize “umeelewa?”, kwa maana atasema ndiyo. Mpeni kisa. “Leo ni Jumanne usiku, mtoto wako ameugua, kesho hutaweza kuja. Utafanya nini?” “Umefanya miezi saba, umepata kazi Eldoret. Unatudai nini?” “Mwenyekiti anasema umeiba debe la mahindi. Ni nini kinafuata?” Akijibu tofauti na mlivyokusudia, sentensi ndiyo ibadilishwe. Tulipofanya hivyo na kikundi kimoja, mtu wa mashine alijibu kwamba cheti cha hospitali anampelekea chifu. Kumbe kitabu kilisema tu “apeleke cheti kwa mamlaka husika”.

Mfanyakazi asiyejua kusoma, au anayeelewa Kibukusu kuliko Kiswahili, aelezewe kwa mdomo katika lugha yake, kwa sababu sheria inamtaka mwajiri kumweleza mkataba kwa lugha anayoielewa. Ukurasa wa mwisho uwe na mistari ya sahihi au dole gumba: yeye, aliyemweleza, lugha iliyotumika, na tarehe. Nakala moja abaki nayo mfanyakazi, nyingine ikae katika faili la katibu. Mkibadilisha kanuni yoyote, mchapishe ukurasa ule peke yake wenye tarehe mpya, na wote watie sahihi tena, kabla kanuni ile haijaanza kutumika.